Shajara ya mradi: kuchora Bode ya amplifaya kwa mkono, siku 11 kabla ya mtihani

Jumapili usiku, zimebaki siku 11

Naanza kuandika hapa kwa sababu kuna swali moja linajirudia kila mwaka kwenye pepa za zamani za elektroniki na mimi kila nikilifanya napata jibu tofauti, yaani nikilifanya asubuhi jibu lake na nikilifanya jioni jibu lake. Unapewa amplifaya kwa fomula, fomula ina poli na ziro, unaambiwa chora mchoro wa Bode wa mistari iliyonyooka, gein na fezi, halafu soma bendi ya kati ni desibeli ngapi na inaanzia wapi inaishia wapi. Alama 20. Mwaka jana wenzetu wengi waliliacha wakaenda kula supu, na sio ile ya makongoro.

Mradi wangu ni mdogo tu: nataka kabla ya mtihani niwe naweza kulimaliza ndani ya dakika 20, kwa kalamu, rula na kikokotoo, bila kubahatisha. Nimechagua fomula moja nitakayoing'ang'ania mpaka niielewe:

```
A(s) = -10^15 · s(s + 50) / [(s + 20)(s + 500)(s + 10^6)(s + 10^7)]
```

Namba zote ni radiani kwa sekunde. Ziro ziko mbili, moja kwenye sifuri kabisa (ile s iliyo peke yake juu) na nyingine kwenye 50. Poli ziko nne: 20, 500, milioni moja na milioni kumi. Ni amplifaya ya transista moja, ingizo kwenye besi, toleo kwenye kolekta, ile ya kawaida kabisa. Poli mbili za chini zinatoka kwenye kapasita tunazoziona kwa macho, mbili za juu zinatoka kwenye vijikapasita vilivyojificha ndani ya transista yenyewe.

(Rumeti wangu anasema poli zinaitwa hivyo kwa sababu ukikutana nazo unapewa pole. Nimecheka ila nimeandika.)

Jaribio la kwanza leo: nimechemsha vibaya. Nimechukua 10^15, nikapiga 20 mara logi yake, nikapata 300 dB, nikaanzia mchoro hapo. 300! Hiyo ni amplifaya ambayo ukiiingizia mikrovolti moja inakutolea volti bilioni moja, na saplai yake ni volti 12. Nimelala nimekasirika.

Jumatatu, zimebaki siku 10

Nimegundua kosa la jana, na nadhani ndilo kosa linalowaua watu wengi kuliko yote, kwa hiyo naliandika taratibu.

Ile namba ya mbele, 10^15, sio gein ya amplifaya. Ingekuwa gein kama mabano yote yangeandikwa kwa umbo la (1 + s/kitu), kwa sababu hapo kila bano s ikiwa ndogo linabaki 1. Lakini hapa yameandikwa (s + kitu), na bano kama (s + 10^7) s ikiwa ndogo linabaki milioni kumi, haliwi moja. Kwa hiyo ile 10^15 sehemu kubwa iko pale kufidia ukubwa wa mabano ya chini tu.

Dawa ni rahisi kuliko nilivyodhani. Unachagua frekwensi yoyote iliyo mbali na kona zote, halafu kwenye kila bano mkubwa anameza mdogo. Nimechagua 10,000, iko katikati ya 500 na milioni. Kwenye (s + 20) s ni kubwa, inameza 20, linabaki s. (s + 50) inabaki s. (s + 500) inabaki s. Kwenye (s + 10^6) namba ndio kubwa, linabaki 10^6, na la mwisho linabaki 10^7. Sasa juu kuna s mara s, chini kuna s mara s, zinakatana zote, unabaki na 10^15 gawanya kwa 10^13, ambayo ni 100. Desibeli 40. Hiyo ndiyo bendi ya kati, na ni namba ya kibinadamu kabisa kwa transista moja.

Halafu nikafanya hivyo hivyo kwa frekwensi ya 1, kushoto kabisa. Hapa kila bano namba inameza s, isipokuwa ile s ya pekee juu haina wa kummeza. Inakuwa 10^15 mara 1 mara 50, gawanya kwa 20 mara 500 mara 10^6 mara 10^7, jibu 0.5. Desibeli -6 hivi.

Faida ya kuwa na hizi pointi mbili ni kwamba moja unaitumia kuanzia na nyingine kujikagua. Ukianza kushoto kwenye -6 ukatembea na mistari yako, ukifika kwenye bendi ya kati lazima uikute 40. Ukikuta 60 au 20 kuna kona umeigeuza vibaya, rudi nyuma, usiendelee kuchora.

Jumanne, zimebaki siku 9

Siku ya karatasi. Naweza kuonekana nalalamikia kitu kidogo lakini subiri.

Nimeenda stesheneri kununua karatasi za logi, zilizokuwepo ni za mizunguko minne, yaani zinabeba dekedi nne tu. Fomula yangu inaanzia 1 mpaka milioni mia, hizo ni dekedi nane. Nikajaribu kubandika karatasi mbili kwa gundi, mistari ya mlalo haikukaa sawa, mchoro ukawa kama nyumba iliyoezekwa na mafundi wawili wasiosalimiana. Halafu fundi wa maabara, mzee mmoja anayetusaidia sana, akaniambia kwenye mtihani mwenyewe unaweza usipewe hiyo karatasi, unapewa kitabu cha majibu cha kawaida, uchore skeli yako mwenyewe. Akanionyesha kwa rula hapo hapo juu ya meza.

Dekedi moja ipe sentimita 2. Nane zinakula sentimita 16 na upana wa A4 ni 21, inakaa bila kubanana. Logi ya 2 ni 0.3, kwa hiyo 2 inakaa milimita 6 kutoka mwanzo wa dekedi. Logi ya 5 ni 0.7, inakaa milimita 14. Tatu iko karibu na nusu, milimita 9 na nusu kidogo. Hizo tatu ukizishika kichwani unaweza kuweka namba yoyote ya mtihani. Kwangu: 20 iko milimita 6 baada ya 10, na 50 iko milimita 14 baada ya 10, na 500 iko milimita 14 baada ya 100. Wima nimeweka 20 dB kwa sentimita 2 pia, na hapo ukapatikana urahisi ambao sikuutegemea: mstari wa 20 dB kwa dekedi unakuwa na mwinamo wa digrii 45 kamili, na unaweza kuuchora kwa seti skwea bila kupiga hesabu. Wa 40 unapanda sentimita 4 kwa kila 2.

Sifuri haipo kwenye mhimili wa logi, hili nalo nilikuwa nalikosea, nilikuwa natafuta mahali pa kuweka ile ziro ya s. Haina mahali. Iko kushoto mbali isikofikika, wewe unachoona ni kwamba mchoro unaingia kwenye karatasi tayari unapanda 20 kwa dekedi.

Jumanne usiku

Umeme umekatika saa 2, nimechora kwa tochi ya simu, na mchoro umekubali. Naandika matembezi yenyewe.

Naanza kwenye 1, -6 dB, mstari unapanda 20 kwa dekedi kwa sababu ya ile s. Naenda mpaka 20. Kutoka 1 mpaka 20 ni dekedi 1.3, mara 20 ni 26, kwa hiyo nimefika 20 dB. Hapo kuna poli, poli inatoa 20 kwenye mwinamo, mwinamo unakuwa sifuri, mstari unalala. Unalala mpaka 50, hapo kuna ziro, ziro inaongeza 20, tunapanda tena. Kutoka 50 mpaka 500 ni dekedi moja kamili, tumepanda 20, tumefika 40 dB. Kwenye 500 poli inatulaza. Na ni 40, ile ile niliyoipata jana kwa njia ya kumezana! Nilipiga meza kwa furaha rumeti akaamka.

Baada ya hapo ni safari ndefu tambarare mpaka milioni. Poli, tunashuka 20 kwa dekedi, kwenye milioni kumi tuko 20 dB. Poli ya pili, mwinamo unakuwa -40, tukifika milioni mia tuko -20 dB. Mstari unakata 0 dB nusu dekedi baada ya milioni kumi, kama milioni 32. Kushoto unaikata kwenye 2.

Kumbuka mwinamo unajumlishwa, hauanzi upya. Kosa langu la zamani lilikuwa kila nikikutana na poli nachora mstari wa kushuka 20 hata kama nilikuwa napanda. Poli haimaanishi shuka, inamaanisha toa 20 kwenye ulichokuwa nacho. Ulikuwa unapanda 20, sasa unalala. Ulikuwa umelala, sasa unashuka.

Jumatano, zimebaki siku 8

Leo sikuchora kitu, nimekaa na swali lililokuwa linaniwasha: kile kijukwaa kidogo cha 20 dB kati ya 20 na 50 kimetoka wapi kwenye saketi halisi? Maana kama ni hesabu tu nitaisahau wiki ijayo.

Nimerudi kwa mzee wa maabara. Akachukua bodi yake ya mazoezi, emita ina rezista ya kilo-omu 1 na kapasita ya bipasi imelazwa sambamba nayo. Akaingiza milivolti 10 za kilohezi 1, kwenye kioo cha osiloskopu ikatoka kama volti 1. Mara 100. Halafu akaichomoa kapasita ya emita kwa koleo, hivi hivi bodi ikiwa inawaka, na lile wimbi likasinyaa mbele ya macho yangu mpaka kama volti 0.1. Mara 10. Akasema, "Sasa mara 10 ni desibeli ngapi kijana?" Ishirini. Ndio kijukwaa chenyewe.

Yaani hivi: kwenye frekwensi za chini kapasita ya bipasi ni kama haipo, rezista ya emita inafanya kazi yake ya kubana gein, unabaki na 10. Frekwensi ikipanda kapasita inaanza kuizunguka rezista, gein inafufuka, mpaka inafika 100. Mwanzo wa kufufuka ni ziro, mwisho wake ni poli. Ziro ni moja gawanya kwa RE mara CE, na kwa kilo-omu 1 na mikrofaradi 20 inatoka 50 kamili. (Dukani utapata 22, inakupeleka 45, mchoro hautajua tofauti.) Poli haitumii RE peke yake kwa sababu kapasita inaona RE ikiwa sambamba na kile transista inachoonyesha ukiitazama kutoka emita, hapa kama omu 111, jumla yao sambamba ni omu 100. Mikrofaradi 20 na omu 100 zinatoa 500.

Na tazama hii: ziro na poli zimeachana mara 10, na gein nayo imeachana mara 10. Haikutokea kwa bahati, ni rezista zile zile. Kwa hiyo ukipewa saketi na ukapata gein bila bipasi ni 10 na ukiwa nayo ni 100, halafu ziro na poli zako zimeachana mara 4, ujue umekosea mahali.

Kapasita nyingine, ile ya kuingizia, ndiyo inaleta ziro ya sifuri na poli ya 20. Inazuia DC kabisa, ndiyo maana kushoto kabisa mchoro unazama bila mwisho. Kusema ukweli kapasita hizi mbili zinaingiliana kidogo, kwa sababu upinzani wa ingizo la transista unabadilika kapasita ya emita inapoanza kufanya kazi, lakini mtihani ukikupa fomula tayari hilo limeshafanywa na wewe halikuhusu.

Alhamisi, zimebaki siku 7

Nimeazima laptopu nikague mistari yangu na mkunjo wa kweli. Nimeandika vistari vichache vya Python:

```python
from math import log10
def A(w):
    s = 1j*w
    return -1e15*s*(s+50)/((s+20)*(s+500)*(s+1e6)*(s+1e7))
for w in (20, 31.6, 50, 500, 1e6):
    print(w, round(20*log10(abs(A(w))), 1))
```

Majibu: kwenye 20 ni 17.6, kwenye 31.6 ni 20.0, kwenye 50 ni 22.3, kwenye 500 ni 37.0, kwenye milioni ni 36.9.

Zile mbili za mwisho ni kama madesa yanavyosema. Kona ya poli ikiwa peke yake, mkunjo wa kweli unapita 3 dB chini ya kona. 40 toa 3 ni 37, safi. Kwenye milioni inapungua kidogo zaidi kwa sababu poli ya milioni kumi iko dekedi moja tu mbele na imeshaanza kuvuta.

Zile za mwanzo ndizo zimenifundisha. Kwenye 20 nilitegemea 17 nikapata 17.6, kwenye 50 nilitegemea 23 nikapata 22.3. Na katikati, 20 kamili. Sasa ziunganishe: 17.6, 20, 22.3. Kijukwaa hakipo! Mkunjo wa kweli haulali pale hata sekunde moja, unapunguza tu mwendo kisha unaendelea kupanda, kama bodaboda kwenye tuta analolijua. Sababu ni kwamba 20 na 50 zimekaribiana sana, poli haijamaliza kuinamisha ziro imeshaanza kuinua. Ili kijukwaa kionekane kweli kona zingetakiwa ziachane angalau dekedi moja, tena na zaidi.

Kwa mtihani: mistari iliyonyooka unaichora hivyo hivyo na kijukwaa chake, ndicho kinachoulizwa. Lakini kipengele cha mwisho kikikuambia uchore na mkunjo wa kweli juu yake, usiende kuushusha 3 chini ya 20 na kuupandisha 3 juu ya 50 kibubusa. Kona zikiwa jirani marekebisho yanakulana. Kwenye poli ya 20 unatoa 3, halafu ziro ya 50 inarudisha 0.6, basi.

Ijumaa, zimebaki siku 6

Fezi. Hii sehemu siipendi na naona nayo hainipendi.

Kanuni ni kwamba kila poli inazungusha fezi digrii 90 kwenda chini, lakini haifanyi ghafla pale konani. Inaanza dekedi moja kabla na inamaliza dekedi moja baada, digrii 45 kwa kila dekedi. Ziro inafanya hivyo hivyo kwenda juu. Kwa hiyo poli ya 20 inafanya kazi kuanzia 2 mpaka 200, ziro ya 50 kuanzia 5 mpaka 500, poli ya 500 kuanzia 50 mpaka 5000. Zinapandana zote tatu na ndipo watu wanapopotea.

Mara ya kwanza nilichora mistari mitatu kila mmoja peke yake kwa rangi tofauti halafu nikajaribu kuijumlisha kwa macho. Usifanye. Andika orodha ya sehemu zote mwinamo unapobadilika, zipange kwa ukubwa, halafu kila kipande jiulize nani anafanya kazi sasa hivi:

```
kipande        nani anafanya kazi          digrii/dekedi   fezi mwishoni
hadi 2         hakuna                        0               -90
2 - 5          poli 20                     -45              -108
5 - 50         poli 20, ziro 50              0              -108
50 - 200       poli 20, ziro 50, poli 500  -45              -135
200 - 500      ziro 50, poli 500             0              -135
500 - 5000     poli 500                    -45              -180
```

Ile -90 ya mwanzo nilikuwa naikosa kila siku. Alama ya kutoa mbele ya fomula ni -180, hii amplifaya inageuza ishara. Ile s ya pekee inaongeza 90 moja kwa moja, haina dekedi ya kabla wala ya baada kwa sababu kona yake iko kusikofikika. Jumla -90. Ukisahau alama ya kutoa mchoro wako wote unakaa digrii 180 juu ya unapotakiwa, una umbo zuri kabisa na sio sahihi. Jinsi ya kujua: kwenye bendi ya kati lazima usome -180, kwa sababu pale kapasita zote zimenyamaza na kilichobaki ni ule ugeuzaji tu. Ukisoma 0 umeisahau.

Upande wa juu ni mwepesi. Kutoka laki moja mpaka milioni unashuka 45, uko -225. Kutoka milioni mpaka milioni kumi poli mbili zinafanya kazi pamoja, unashuka 90, uko -315. Kisha 45 za mwisho mpaka milioni mia, -360, halafu unalala.

Nimekagua sehemu moja kwa kikokotoo, kwenye 15. Minasi 90, toa arktanjenti ya 15/20 ambayo ni 36.9, jumlisha ya 15/50 ambayo ni 16.7, toa ya 15/500 ambayo ni 1.7. Inatoka -112 hivi, mistari inasema -108. Poa. Mstari wa poli moja haukosei zaidi ya digrii 6 popote, ila zikijumlishwa kadhaa makosa yanaweza kuongezana.

Jumapili, zimebaki siku 4

Jana nilikuwa na ndugu hospitali, sikufanya kitu. Leo jaribio la kwanza la saa, kwa fomula ya pepa nyingine. Dakika 31. Nyingi.

Muda umeishia wapi: dakika kama 9 kuchora skeli, kwa sababu nilichora mihimili miwili kabisa, wa gein na wa fezi, kila mmoja na namba zake. Sasa naweka mhimili wa fezi chini ya ule wa gein kwenye karatasi ile ile na mistari ya wima inashuka moja kwa moja, namba za frekwensi naandika mara moja tu.

Na nimepoteza alama 3 za bure. Swali lilisema "toa jibu kwa hezi" nikaandika 500. Mhimili wangu ni radiani kwa sekunde. 500 gawanya kwa 6.28 ni hezi 80 hivi, na milioni ni kilohezi 159. Kishawishi ni kubadilisha kona zote kwenda hezi tangu mwanzo, nimejaribu, ni balaa, namba nzuri za mviringo zinageuka kuwa 3.18 na 7.96 na huwezi kuziweka kwenye skeli. Chora kwa radiani, geuza mwishoni majibu mawili tu.

Dada mmoja wa darasani akauliza kama kona ya chini ni 500 kamili kwa kuwa poli ya 20 na ziro ya 50 nazo zipo. Swali zuri. Ukitaka kwa usahihi zaidi unachukua kipeo cha pili cha kila poli ya chini, unajumlisha, unatoa mara mbili ya kipeo cha pili cha ziro, halafu unatafuta kipeuo. 400 jumlisha 250,000 toa 5,000 ni 245,400, kipeuo chake ni 495. Kwa hezi 79. Tofauti haionekani hata kwa unene wa kalamu, kwa sababu 500 iko mbali na wenzake. Ingekuwa poli mbili zimekaa 300 na 500 hapo ungehitaji hiyo hesabu kweli.

Jumatano, kesho ndio kesho

Dakika 18. Fomula mpya, aliyenitungia ni rumeti, akaweka na mtego: bano moja la juu limeandikwa (s - 10^8) badala ya kujumlisha. Ziro ya upande wa kulia, inatokana na kapasita ya ndani kati ya besi na kolekta inayopitisha mawimbi mbele moja kwa moja. Kwenye gein inapandisha 20 kama ziro yoyote, lakini kwenye fezi inashusha 90 kama poli. Niliinasa. Nikakosa kitu kingine: s ikiwa ndogo lile bano linabaki -10^8, ile minasi inakwenda kukatana na minasi ya mbele ya fomula, na fezi yangu ya bendi ya kati ikatakiwa kuwa 0 mimi nimeandika -180 kwa mazoea. Alama mbili hizo.

Kwenye mkoba: rula ya sentimita 30, seti skwea, penseli mbili za HB, kikokotoo nimeshakihakikisha kiko kwenye digrii. Pepa ni saa 3 asubuhi.